Damu ya tarehe 20 haikuwa hedhi

Jambo dada mshauri,

Ninakuandikia kutoka Kiambi. Niko na miaka 27 na watoto wawili. Mwaka huu nilibeba mimba ya tatu, na tarehe 3 Machi, ikiwa na wiki kama 10, ikatoka. Damu ilikuwa nyingi kwa siku mbili. Muuguzi wa kituo cha afya alinipima akasema imetoka yote, sina haja ya kusafishwa. Damu ikaendelea kidogo kidogo hadi tarehe 10, halafu matone tu hadi tarehe 13.

Tarehe 15 nilipima mkojo nikaona mistari miwili, ule wa pili hafifu. Niliogopa lakini sikumwambia mtu. Tarehe 19 bwana yangu alifika kutoka Kalemie, anafanya kazi bandarini, akakaa wiki moja. Kesho yake, tarehe 20, nikaona damu ya kahawia, kidogo, ikaisha kwa siku mbili. Nikasema basi, mwezi wangu umerudi. Niko na ule mkufu wa shanga wa kuhesabu siku, nikaweka pete kwenye shanga nyekundu, nikamwambia bwana siku hizi za mwanzo hazina mimba.

Sasa tarehe 5 Aprili damu imekuja tena, nyingi kuliko nilivyozoea, ina mabonge, na tumbo linauma. Leo ni siku ya tano na inapungua. Nikihesabu kwenye mkufu, ni siku 16 tu tangu ile ya Machi! Mama mkwe anasema tumbo halijasafika, ananiandalia dawa ya mizizi. Jirani anasema ninywe vidonge vya tetra. Hedhi yangu ni ipi, dada? Nitajuaje kama yai limeanza tena kutoka? Bwana anataka tujaribu tena, lakini mimi nikisimama haraka ninasikia kizunguzungu.

Mama wa watoto wawili, Kiambi

*

Jambo mama, na pole sana kwa mimba iliyotoka.

Umeniandikia tarehe zote, na tarehe hizo ndizo zitakazotujibu. Mimi naona hivi: hedhi yako ya kwanza ni hiyo ya tarehe 5 Aprili. Damu ya tarehe 20 Machi haikuwa hedhi, na haingeweza kuwa hedhi hata kama ingekuja nyingi. Mzunguko wako haukuwa wa siku 16. Ulianza kuhesabu mahali pasipo pa kuanzia, na wiki ile ile uliyoiita salama ndiyo wiki ambayo yai lako, kwa hesabu, lilikuwa linatoka.

Hedhi haiji yenyewe tu. Yai hutoka kwanza, kisha baada ya siku 14 hivi, kama halikupata mbegu ya mwanamume, ukuta wa ndani wa kizazi unabomoka na damu inatoka. Hizo wiki mbili kati ya yai na hedhi hazibadilikibadiliki sana. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni mrefu huchelewa kutoa yai, lakini yai likishatoka hedhi yake hufuata kwa muda ule ule kama wa wenzake, ikipungua au kuzidi siku chache. Kwa hiyo ukitaka kujua kama damu fulani ni hedhi ya kweli, hesabu siku 14 kurudi nyuma, halafu jiulize: siku ile yai lingeweza kutoka?

Chukua tarehe 20 Machi, rudi nyuma siku 14. Unaangukia tarehe 6 Machi, siku tatu tu baada ya mimba kutoka. Siku hiyo damu yako ilikuwa bado imejaa homoni ya mimba, na homoni hiyo ikiwa juu, ubongo hautoi amri ya kupevusha yai jipya, kwa sababu unaamini mimba bado ipo. Kwa mimba iliyotoka katika miezi mitatu ya kwanza, yai linalowahi kuliko yote hutoka siku ya 8 hivi. Wanawake wengi hutoa yai kati ya wiki ya pili na ya nne. Jumlisha 8 na 14 upate 22. Damu yoyote inayokuja kabla ya siku ya 22 tangu mimba kutoka usiihesabu kama hedhi. Yako ya Machi ilikuja siku ya 17.

Damu ya Aprili ni tofauti. Kutoka tarehe 3 Machi hadi tarehe 5 Aprili ni siku 33. Ukirudi nyuma siku 14 unafika tarehe 22 Machi, ambayo ni siku ya 19 tangu mimba kutoka. Hapo hesabu inakaa sawa, na wanawake wengi wanaopoteza mimba changa wanaona hedhi ya kwanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, wengine hadi ya 8. Wewe umeipata kabla ya wiki 5 kutimia.

Basi ile damu ya kahawia ilikuwa nini? Kwa barua siwezi kukukatia neno moja. Kizazi kinapojirudisha huachia mabaki madogo ya damu ya zamani, na damu ikikaa ndani kabla ya kutoka hugeuka kahawia. Wanawake wengine huona matone siku ambazo yai linakaribia kutoka. Na bwana alikuwa amefika jana yake. Mlango wa kizazi ambao haujapona vizuri unaweza kutoa damu kidogo baada ya kukutana. Yote matatu yanawezekana kwako, na hakuna hata moja linalokuwa siku ya kwanza ya kuhesabia.

Sasa tuje kwenye mkufu, maana hapo ndipo mimba ya bila kutarajia ingeingilia. Ule mkufu una shanga 32. Nyekundu ni siku ya kwanza ya hedhi. Za kahawia zinazofuata zinafika siku ya 7. Nyeupe 12 ni siku ya 8 hadi ya 19, siku za kushika mimba. Zilizobaki ni kahawia tena. Ulipoweka pete kwenye nyekundu tarehe 20 Machi, mkufu ulikuonyesha kwamba hadi tarehe 26 hakuna hatari. Lakini kama yai lako lilitoka karibu na tarehe 22, na mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani hadi siku 5, basi siku zenye nafasi kubwa ya mimba zilikuwa tarehe 17 hadi 22. Bwana alikuwapo kuanzia 19. Mkufu wenyewe hauna kosa, ila umetengenezwa kwa mwanamke ambaye mizunguko yake iko kati ya siku 26 na 32. Mwanamke aliyetoka kupoteza mimba bado hana mzunguko wa kupimia, anao mwanzo tu ambao haujulikani. Ndiyo maana wanaofundisha njia hii husema isianzwe mpaka hedhi ya kweli irudi.

Wapo wanaohesabu siku ya kwanza kuanzia siku mimba ilipotoka. Hiyo nayo haifai kwa mkufu. Kwako ingetoa mzunguko wa siku 33, nje ya mipaka yake, na kwa mwenzako ingeweza kutoa 45.

Hivi sasa weka pete kwenye shanga nyekundu tarehe 5 Aprili. Siku nyeupe zitakuwa tarehe 12 hadi 23. Lakini mwezi huu wa kwanza usiutegemee mkufu peke yake kama hutaki mimba, tumieni kondomu siku zote. Uutumie kuangalia tu. Hedhi inayofuata ikianza kati ya tarehe 1 na 7 Mei, mzunguko umerudi kwenye mipaka. Ikija mapema au ikichelewa, ngoja tena, kwa sababu mizunguko miwili au mitatu ya kwanza mara nyingi haina mpangilio na hilo halina ubaya.

Umeuliza utajuaje yai limeanza tena kutoka. Dalili ya bure na ya kuaminika kuliko nyingine ni ute wa ukeni. Siku chache kabla ya yai kutoka, ute huwa mwingi, mwangavu, unateleza, na ukiuweka kati ya vidole viwili unavutika kama ute mbichi wa yai la kuku. Yai likishatoka unakuwa mzito au unakauka. Uangalie kila unapokwenda chooni, kabla ya kujisafisha. Wakati matone ya damu bado yanatoka, ute huo hausomeki, kwa hiyo usijihukumu nao mpaka damu ikauke kabisa. Siku zile za Machi haungekusaidia sana. Mwezi huu utakusaidia.

Tukumbuke jambo moja ambalo wanawake wengi hawaambiwi wanapotoka kituoni: yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, si baada yake. Mwanamke anaweza kupata mimba nyingine bila kuona mwezi hata mara moja. Anayesubiri hedhi irudi ndipo aanze kujikinga amechelewa kwa wiki mbili.

Ule mstari hafifu wa tarehe 15 nao una hesabu yake. Mimba ya wiki 10 inaweza kuwa na homoni makumi ya maelfu ya yuniti kwa lita moja ya damu, na vipimo vingi vya mkojo huona hata yuniti 25. Baada ya mimba kutoka, kiasi hicho hupungua takriban nusu kila siku moja na nusu hadi mbili. Tuseme ulianza na 40,000. Ili kushuka hadi 25 lazima kigawanywe nusu mara 11 hivi. Kwa nusu ya kila siku moja na nusu, hizo ni siku 16 au 17. Kwa nusu ya kila siku mbili, ni siku 22. Wewe ulipima siku ya 12. Kipimo hakikukuambia kwamba mimba ipo, wala kwamba uchafu umebaki, kilikuonyesha homoni iliyokuwa njiani kuisha. Wengine huona mstari huo kwa wiki tatu nne.

Hata hivyo nakuomba upime tena wiki hii, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ulikutana na bwana siku za yai, kwa hiyo damu hii ya Aprili ingeweza kuwa mimba mpya changa sana iliyojiondoa, ingawa naona hedhi ndiyo jibu la karibu zaidi. Ya pili, zaidi ya wiki 5 zimepita na kipimo kinapaswa kuwa na mstari mmoja. Ukiona mmoja, mambo yamekwisha. Ukiona miwili, hasa ikiwa wa pili umekolea, nenda kituo cha afya bila kusubiri mwezi ujao. Inaweza kuwa mabaki ya mimba, au mimba mpya. Mara chache huwa mimba zabibu, ambayo kwa kawaida haina mtoto na inaweza kumfanya mwanamke atapike sana na damu kurudi kila mara. Na mistari miwili pamoja na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo la chini ni jambo la kukimbia siku hiyo hiyo, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Wingi wa damu ya Aprili umekutisha, na sishangai. Hedhi ya kwanza baada ya mimba kutoka mara nyingi huwa nzito, wengine huipata nyepesi sana. Sababu moja ya uzito huo ni kwamba katika mzunguko wa kwanza yai wakati mwingine huchelewa kutoka au halitoki kabisa. Ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa bila ile homoni inayokuja baada ya yai, ambayo kazi yake ni kuutuliza na kuupanga. Mwishowe unabomoka vipande vipande, na damu huja na mabonge. Hapa niwe mkweli kuhusu hesabu yangu: kama yai halikutoka, kurudi nyuma siku 14 hakutuambii kitu, na tarehe 22 Machi inabaki kukisia tu. Huo ndio mpaka wa hesabu ya kalenda. Lakini hata hapo shanga nyekundu inakaa tarehe 5 Aprili, kwa sababu ndiyo damu kamili ya kwanza tuliyo nayo.

Nzito ya kawaida na nzito ya hatari zinatofautiana kwa kasi ya kulowesha. Anayetumia pedi ajue hivi: pedi mbili zikilowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata iwe vile vile, ni hatari. Kwa anayetumia vitambaa, angalia kitambaa ambacho siku nzito ya kawaida kinakaa saa nne au tano. Kikijaa kwa nusu saa, usisubiri kijae cha tatu. Mabonge makubwa kuliko limau yanayotoka mfululizo, kuzimia, jasho baridi, moyo kwenda mbio ukiwa umelala, yote ni ya kukupeleka hospitali kuu ya zone hata kama ni usiku. Kwa barabara zetu, na hasa wakati wa mvua, usafiri unatafutwa mapema kabla ya nguvu kuisha. Wewe umesema damu inapungua siku ya tano. Hiyo ni njia ya hedhi: inapanda siku moja mbili, kisha inashuka, na ndani ya wiki inaisha. Damu isiyopungua hata baada ya siku 10, au inayokauka na kurudi nyingi kila baada ya siku chache, haifuati njia hiyo, na inahitaji kizazi kitazamwe.

Kizunguzungu chako mimi kinanisumbua kuliko yale mabonge. Umepoteza damu mara mbili ndani ya wiki tano, na huko tunakoishi malaria nayo inakula damu. Vuta kope ya chini mbele ya kioo mchana: ndani ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, damu imepungua. Kituoni waombe wapime damu, na malaria wapime siku hiyo hiyo. Vidonge vya chuma na asidi foliki wanavyotoa kwa wajawazito ndivyo vinavyokufaa. Kidonge cha kawaida kina miligramu 60 za chuma, na muuguzi ataamua kama ni kimoja au viwili kwa siku baada ya kuona kiwango chako. Vinywe na chungwa au maji ya limau, vitenge mbali na chai kwa saa mbili, na usishtuke choo kikiwa cheusi. Kizunguzungu huisha kabla ya ghala la mwili kujaa, kwa hiyo wengi huacha mapema. Endelea kwa miezi mitatu hivi.

Kuhusu homa nikuonye mapema. Kwetu homa ikipanda, kila mtu anasema ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini baada ya mimba kutoka, homa inaweza kuwa ya kizazi kilichooza ndani kwa mabaki, na ugonjwa huo unaua. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo, bado hakijasema kizazi ni kizima. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Ukiwa na homa pamoja na harufu mbaya ukeni, au tumbo la chini likiuma unapolibonyeza, mwambie muuguzi wazi kwamba ulipoteza mimba tarehe 3 Machi. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuambiwa waliitoa wenyewe. Muuguzi asiyejua hilo atakutibu malaria na kukurudisha nyumbani.

Kwa mama mkwe, nenda naye kwa heshima, lakini dawa ya mizizi usinywe wala usiiweke ukeni. Anachotaka ni tumbo kuwa safi, na hilo kwako limeshafanyika: damu ya kwanza ilipungua ikakauka tarehe 13, na kipimo kipya kitathibitisha. Baadhi ya mizizi inakaza kizazi na kurudisha damu kwa mtu ambaye tayari hana ya kutosha, nyingine inaunguza ini, na hakuna anayejua kipimo chake. Mwambie mama mkwe kwamba muuguzi wa kituo amesema usinywe kitu chenye nguvu mpaka damu ipimwe. Vidonge vya tetra navyo havikusaidii. Kama hakuna maambukizi, hakuna cha kutibu, na kama yapo, vidonge vichache vya sokoni vitapunguza homa tu huku ugonjwa ukiendelea chini.

Wapo wasomaji wengine ambao hadithi yao si kama yako, nami nitawapitia kwa kifupi. Aliyesafishwa kwa pampu ya mkono, ile wauguzi wetu wanaita amiu, kwa kawaida huona damu kwa siku chache kuliko wewe. Aliyepewa misoprostoli huona kwa muda mrefu zaidi, wiki mbili hivi, na matone yanaweza kufika karibu mwezi. Aliyekwanguliwa kwa chuma, na wiki 8 zikapita bila hedhi huku kipimo cha mimba kikisema hapana, aangaliwe kama kuta za kizazi zimeshikana kwa makovu, hasa akiwa na maumivu ya kila mwezi yasiyo na damu. Aliyepoteza mimba kubwa ya miezi minne au mitano asishangae maziwa kutoka na hedhi kuchelewa kuliko hesabu niliyokupa. Na aliyechomwa sindano ya uzazi wa mpango au kuwekewa kijiti baada ya mimba kutoka asitumie hesabu hii kabisa, maana njia hizo hubadilisha damu kwa namna yake.

Sasa neno la bwana. Shirika la Afya Duniani lilipokutanisha wataalamu mwaka 2005, walishauri kusubiri angalau miezi 6 baada ya mimba kutoka. Ndiyo maana wauguzi wengi husema hivyo hadi leo. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Skotlandi walifuatilia wanawake zaidi ya 30,000 waliopoteza mimba yao ya kwanza, wakakuta waliobeba tena kabla ya miezi 6 hawakupata matatizo zaidi. Walipoteza mimba iliyofuata kwa kiwango kidogo kuliko waliosubiri. Wanawake wa Skotlandi si wa Tanganyika: hawana malaria, na wewe damu yako huenda imepungua. Kwa hiyo mimi sikupi idadi ya miezi. Kwako kinachoamua ni kope ile na kipimo cha damu. Damu ikirudi vizuri na umeona hedhi moja au mbili zinazoeleweka, hakuna sababu ya mwili ya kungoja nusu mwaka. Hedhi hizo pia zitamsaidia mkunga kujua umri wa mimba mpya.

Mpaka hapo kondomu inatosha, kwa kuwa bwana huja kwa wiki moja kisha anarudi ziwani. Kama mtaona mnataka kupumzika kwa muda mrefu, kituoni kuna vidonge, sindano na vijiti. Angekuwa mwanamke ambaye mimba imetoka wiki hii, ningemwambia aanze ndani ya siku 7 za kwanza, na hapo hahitaji kinga nyingine ya kusaidia. Wewe ukianza njia hizo sasa, muuguzi atakuambia kama utahitaji kondomu siku za mwanzo, na kwa siku ngapi.

Ukiniandikia tena, niletee mambo matatu: kipimo cha mkojo cha wiki hii kilionyesha nini, kiwango cha damu walichokuandikia kituoni, na tarehe ya kwanza ya damu ya Mei, hata kama itakuwa imepita tarehe 7.